Maji Yakikatika, Mtandao Unarudi

Aliyeligundua jambo hili ni shangazi yangu, na kwa muda mrefu sote tulimcheka. Alishikilia kwamba mtandao wa nyumba yake una ugomvi na maji. Siku bomba likiwa kavu, binti yake anaongea na wateja wake kwa video kutwa nzima bila tatizo. Siku maji yakitoka na tangi likajaa, picha zinaganda na sauti inafika vipande vipande. "Nyinyi mliosoma kompyuta nielezeni," aliniambia, "au mnataka nimwite mganga?" Nikamjibu kuwa ni sadfa tu, kwamba siku za maji ni nyingi na siku za mtandao mbovu ni nyingi, basi lazima zikutane. Nilikuwa nimekosea, na ilinichukua Jumamosi mbili kujua kwa nini.

Nyumba yake iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Ni nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye ghorofa moja. Kwenye kizingiti cha mlango wa ndani nilipima unene wa ukuta nikapata sentimita 55. Vyumba ni virefu na vyembamba, kama vilivyo katika nyumba nyingi za aina hii, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti. Juu ya boriti kuna mawe na chokaa tena, kiasi kwamba mtu akiangusha mchi ghorofani, aliye chini husikia kishindo kidogo tu. Katikati ya nyumba kuna ua ulio wazi juu, na ndani ya ua limesimama tangi la plastiki la lita 1,000, juu ya stendi ya chuma. Stendi imeinuliwa ili maji yashuke kwa nguvu chooni na jikoni, kwa hiyo kiwiliwili cha tangi kiko usawa wa madirisha ya ghorofani. Litie akilini tangi hilo, tutarudi kwake.

Fundi wa kampuni ya intaneti alipokuja mara ya kwanza, alifanya wanavyofanya mafundi wengi: aliweka rauta pale waya wa faiba ulipoingilia. Waya uliingilia juu ya mlango mkuu, basi rauta ikawekwa sebuleni, kwenye kidaka cha ukutani, nyuma ya televisheni. Shangazi hakupenda taa zake zinazomemeta usiku, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuisimamishia sinia la shaba la mama yake. Ilipendeza, sikatai. Lakini kidaka ni shimo ndani ya ukuta. Nyuma kuna jiwe, kulia jiwe, kushoto jiwe, na mbele, mahali pekee palipo wazi, kulikuwa na sinia la shaba na mgongo wa televisheni. Mawimbi ya rauta yanasambaa pande zote kama mwanga wa kandili. Shangazi alikuwa ameiweka kandili yake ndani ya mtungi.

Kitambaa, kwa taarifa, hakina hatia. Nguo kavu, pazia, karatasi, mkeka, plastiki na mbao nyembamba hupitisha mawimbi karibu yote. Ubaya wa kuifunika rauta ni joto.

Kabla hujahamisha chochote, kuna swali moja la kumaliza: je, tatizo liko ndani ya nyumba kweli? Nenda ukasimame mita mbili kutoka kwenye rauta, bila kitu chochote katikati, ufungue kile kinachokusumbua. Kikisumbua hata hapo, usijichoshe na kuta. Tatizo liko kwenye waya unaoingia au kwa kampuni, na rauta unaweza kuihamisha mpaka juu ya mnazi isibadilike kitu. Kikienda vizuri hapo na kikafa chumbani, basi ni suala la mahali. Kwa shangazi, sebuleni kila kitu kilikwenda bila shida.

Hatua ya pili ni kupima kwa namba, wala usitegemee vile vijistari vinavyopanda na kushuka kwenye simu. Kila kiwanda kinaamua chenyewe vijistari vitatu vina maana gani. Kwenye kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike hivi:

```
netsh wlan show interfaces
```

Katika yatakayotokea, tafuta mstari wa `Signal`, ambao una asilimia, na mstari wa `Channel`. Asilimia hiyo ndiyo kipimo chako. Kwa kawaida, kila inaposhuka kwa pointi 20, nguvu ya mawimbi inayokufikia imebaki moja ya kumi. Si moja ya tano kama mtu angedhani. Moja ya kumi. Kutoka 90 kuja 70 umepoteza tisa ya kumi, na kutoka 70 kuja 50 umepoteza tisa ya kumi ya kilichobaki. Habari njema ni kwamba vifaa hivi vina masikio makali. Ukiwa na 65 au zaidi, maongezi ya video yatakwenda. Ukiwa chini ya 40, jiandae kukatikiwa. Wenye simu za Android wanaweza kutumia programu za kupimia waifai, ambazo huonyesha namba hasi zenye dBm mwishoni. Hapo -67 dBm ni sawa na ile 65 hivi, na -80 dBm ndipo mambo yanapoharibika.

Ule mstari wa `Channel` unakwambia uko kwenye masafa gani. Namba kutoka 1 hadi 13 ni gigahezi 2.4, namba 36 na kuendelea ni gigahezi 5. Rauta nyingi za sasa hutoa yote mawili. Lile la 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini kasi yake ni ndogo na mitaa iliyobanana kama Kiponda imelijaza, kila jirani na lake. Lile la 5 lina kasi na nafasi, lakini huchoka upesi likikutana na jiwe. Unapolinganisha vipimo viwili, hakikisha vyote ni vya masafa yaleyale, la sivyo utakuwa unalinganisha embe na nazi. Vipimo nitakavyotaja hapa vyote ni vya gigahezi 5, kwani ndiyo binamu yangu anayoitumia kazini. Pima kila mahali mara tatu, huku kompyuta ikielekea upande uleule, kisha chukua ya katikati. Mtu akikatiza tu mbele yako namba inacheza.

Tukaanza na ukuta. Niliitoa rauta kidakani, nikaiweka mezani, nikasimama mita mbili mbele yake: 94. Nikapita upande wa pili wa ukuta, umbali uleule, mlango ukiwa umefungwa: 50. Pointi 44 zimekwenda na ukuta mmoja, yaani kilichopita ni chini ya sehemu moja ya mia. Nikafungua mlango tu, bila kusogea: 68. Huo ndio ufunguo wa nyumba za mawe. Kinachofika chumba cha pili, kwa sehemu kubwa, hakikupenya ukuta. Kilipita mlangoni, dirishani, ngazini, kikagonga kuta na kurudi, kama sauti ya muadhini inavyofika uchochoroni ambako mnara wenyewe hauonekani. Kwa hiyo katika nyumba kama hii usiulize ukuta gani ni mwembamba. Uliza matundu yako wapi, na mahali gani panaona matundu mengi zaidi kwa pamoja.

Mlango wenyewe wa mbao, hata ule mzito wa nakshi wenye vichwa vya misumari ya shaba, si adui mkubwa. Tuliufunga na kuufungua mara kadhaa. Tofauti ilitokana zaidi na fremu nzima kuzibwa kwa mbao nene kuliko hiyo misumari. Ukuta ulioloa ni habari nyingine. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, linanyonya unyevu kutoka ardhini, na baada ya masika sehemu za chini za kuta zinabaki na maji ndani yake kwa wiki nyingi. Maji hayo yanakula mawimbi hata kabla hujafika kwenye tangi. Ndiyo sababu moja ya kutoweka rauta chini karibu na sakafu. Sababu ya pili ni samani: kuanzia kimo cha kifua kwenda juu, chumba huwa kitupu zaidi.

Sasa, katika nyumba ya shangazi, mahali panapoona matundu mengi ni ukumbini ghorofani, dirisha la mbele linalotazama ua. Ukisimama hapo unaona mlango wa chumba cha shangazi ubavuni, ngazi inayoshuka, ua wote chini, dirisha la jikoni, na ng'ambo ya ua, mita 7 hivi, dirisha la chumba cha binamu. Tukaamua iende hapo. Kisanduku cha faiba kilibaki pale chini, kwa sababu waya wa faiba haupendi kukunjwa wala kuvutwa ovyo. Tulinunua waya wa kawaida wa mtandao mita 20, tukaupandisha na ngazi, tukaupitisha juu ya fremu za milango ambako tayari kuna mwanya wa nyaya za umeme. Waya wa aina hiyo unafanya kazi hadi mita 100, basi hakuna nyumba ya Mji Mkongwe itakayoushinda. Ukuta hatukuutoboa hata mmoja. Kutoboa sentimita 55 za matumbawe si mchezo: keekee inakwama kwenye jiwe gumu, ikitoka hapo inaangukia chokaa laini na kumega kipande kikubwa kama kichwa. Na kwa ukuta wa nje, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo ni busara kuuliza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kabla ya kushika nyundo.

Tukaiweka rauta kwenye kingo ya dirisha, tukafungua madirisha ya pande zote mbili, nikaenda chumbani kwa binamu. Ilikuwa Jumamosi isiyo na maji, tangi limebaki tope chini. Nikapima: 72. Kutoka pasipo na chochote hadi 72! Tukanywa chai, nikaaga, nikijiona fundi.

Jumatatu binamu akanipigia. Video inaganda.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata asubuhi. Usiku maji yalikuwa yametoka na tangi lilikuwa limejaa mpaka linatiririka. Rauta palepale, dirisha liko wazi, kompyuta ileile mezani palepale: 38. Nilidhani nimekosea, nikapima tena, 36, kisha 39. Shangazi alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele, hakuinua hata uso. "Si niliwaambia," alisema.

Hebu tuliangalie tangi. Plastiki ya tangi ni kama haipo. Mawimbi yanaipita kama mwanga unavyopita kioo. Tangi likiwa tupu, dirisha la ukumbini na dirisha la binamu yanaonana, ijapokuwa macho yetu yanaona kitu cheusi katikati. Likijaa, mambo yanageuka kabisa. Kwanza, uso wa maji unarudisha nyuma karibu theluthi mbili ya mawimbi yanayoufikia, kama kioo chenye ukungu. Kinachobaki kinaingia ndani na kugeuzwa joto. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kila sentimita moja na robo ya maji inaondoa nusu ya nguvu iliyobaki. Kwenye gigahezi 5 ni mbaya zaidi. Theluthi moja ya sentimita inatosha kuondoa nusu. Tangi la lita 1,000 lina kipenyo cha mita moja na kidogo. Mtu akigawa kwa mbili, kisha kwa mbili tena, mara mia tatu mfululizo, ajue kwamba hakuna kinachotoka upande wa pili. Ndiyo kazi ileile inayofanywa na jiko la maikrowevu, ambalo linatumia masafa jirani na yale ya 2.4: maji ya ndani ya chakula yanameza mawimbi na kupata moto. Tangi la shangazi halipati moto, kwa sababu rauta inatoa nguvu ndogo mno, sehemu ya kumi ya wati au zaidi kidogo, wakati jiko linatoa mamia ya wati.

Basi ile 38 ilitoka wapi, kama tangi limeziba kabisa? Ilizunguka. Mawimbi yanajikunja kidogo kwenye kingo za tangi, na mengine yanagonga kuta za ua na kufika kwa njia ya kona. Hicho ndicho binamu alichokuwa anafanyia kazi: makombo ya kuzunguka. Kutoka 72 hadi 38 ni sawa na kubakiwa na sehemu moja ya hamsini. Na kwa kuwa tangi linajaa usiku na kutumika mchana, mtandao wake ulikuwa unapanda na kushuka na usawa wa maji. Saa 10 jioni, maji yakiwa yameshuka chini ya usawa wa dirisha, alipata tena 65. Hakuna aliyekuwa ameligusa dirisha wala rauta. Ukiona mtandao wako una saa zake, ukilala vibaya na kuamka vizuri au kinyume chake, kabla ya kulaumu kampuni chungulia tangi. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: pima likiwa limejaa, pima likiwa limepungua, siku moja, mahali pamoja.

Tangi halihamishiki. Stendi imefungwa kwenye zege, mabomba yamechomekwa, na hakuna mke wa nyumba Unguja atakayekuruhusu umfungulie maji kwa ajili ya waifai. Kinachohamishika ni rauta, na hapa inabidi kufikiria kivuli.

Ukiweka mkono karibu na taa ya chemni, kivuli chake kinafunika ukuta mzima. Ukiusogeza mkono mpaka karibu na ukuta, kivuli kinakuwa saizi ya mkono. Tangi nalo liko hivyohivyo. Lingekuwa nusu mita mbele ya rauta, lingezima nusu ya nyumba, na ndiyo maana rauta inayowekwa kwenye stoo ya tangi, au kwenye paa chini ya matangi mawili, haiwezi kufaa popote. Likiwa mbali, kivuli chake ni chembamba na unaweza kukikwepa. La shangazi lilikuwa katikati hasa, mita tatu na nusu kutoka kila dirisha. Katika hali hiyo, ukisogeza rauta mita 2 kando, ule mstari wa moja kwa moja kati ya rauta na kompyuta unasogea mita 1 pale katikati. Tangi lina nusu kipenyo cha sentimita 55 hivi. Kwa hiyo mstari utapita nje yake, na kubaki sentimita 45 za nafasi. Hiyo nafasi inahitajika. Mawimbi si uzi. Ukipitisha mstari sambamba kabisa na ubavu wa tangi, bado utapoteza. Kwa masafa ya 5 na umbali kama ule, sentimita 30 za nafasi zinatosha, kwa 2.4 acha zaidi kidogo, kama 50.

Kabla ya kuhamisha, tulifanya jaribio la bure. Binamu alikaa kitini pake, akainamisha kichwa mpaka kimo cha kompyuta, mimi nikatembea ukumbini nimeshika ndoo nyekundu kifuani. "Sogea. Sogea tena. Sasa nakuona." Aliponiona bila tangi kunigusa bega, tukaweka alama ya chaki ukutani. Ilikuwa kona ya kichwa cha ngazi, mita 2 na ushei kutoka pale pa kwanza, na bahati nzuri kuna dirisha dogo hapo. Tukatundika rauta kwenye msumari wa zamani, kimo cha mita moja na nusu, antena zote mbili zikiwa wima. Tangi limejaa: 76. Jioni, tangi likiwa nusu: 78. Yale mapando na mashuko yakakoma.

Kuhusu antena, neno moja. Antena ya fimbo haitoi mawimbi kwenye ncha yake. Inayatoa ubavuni, pande zote. Ikisimama wima inahudumia ghorofa hiyohiyo. Kama unataka kusaidia ghorofa ya chini, lalia antena moja na uache nyingine wima. Kwa dari ya boriti na mawe, hata hivyo, usitarajie mengi. Kinachoshuka chini kinashuka na ngazi.

Chuma nimekiacha mpaka sasa kwa sababu katika nyumba hii hakikuwa mkosaji mkuu, ila kina tabia tofauti na maji na inafaa kuijua. Maji yanameza, chuma kinarudisha. Nyuma ya kabati la chuma, friji, au kioo kirefu cha kujitazamia, ambacho mgongo wake umepakwa madini, kuna kivuli kikavu kabisa. Usiiweke rauta juu ya friji wala nyuma ya televisheni, na kama ni kwenye rafu ya chuma, iache ining'inie mbele na si ndani. Miguu ya stendi ya tangi ilikuwa myembamba, haikutuletea shida. Nondo za dirishani nazo, zikiachana sentimita 10 au 12, zinapitisha sehemu kubwa ya mawimbi, kwa kuwa nafasi baina yake ni pana kuliko urefu wa wimbi la gigahezi 5, ambao ni sentimita 5 au 6 tu.

Lakini waya wa mbu ni kitu kingine. Jikoni, chini ya dirisha la ukumbini kabisa, tulipata 44 hata madirisha yakiwa wazi, na sikuelewa, maana palionekana vizuri. Nikagusa wavu wa dirisha: alumini. Matundu yake ni milimita moja au mbili. Kwa jicho ni wazi, upepo unapita, lakini kwa wimbi la sentimita 5 huo ni ukuta wa bati. Shangazi aliubadilisha kwa wavu wa nailoni, mita moja na nusu za dukani, na jikoni pakapanda hadi 62. Katika kazi yote ile, hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Ukitaka kujua wavu wako ni wa aina gani, ukunje pembeni kwa kidole: nailoni inarudi, alumini inabaki imekunjika.

Kona ya kichwa cha ngazi ilimaliza ghorofa na jikoni, haikumaliza sebule. Kule mbele, nyuma ya kuta mbili, tulipata 30, na hapakuwa na njia ya kuizungusha ishara mpaka huko. Hapa ndipo watu wengi hununua kile kifaa cha kurudishia mawimbi kinachochomekwa soketi ya ukutani. Kinasaidia, ila kina masharti mawili. Kwanza kinapaswa kukaa mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, 65 au zaidi. Ukikichomeka kwenye chumba kilichokufa kitarudia ukimya ule ule. Pili, kile cha bei ndogo kinapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kasi inabaki nusu au chini. Sisi tulikuwa na rauta ya zamani kabatini. Tukaizimia kazi ya kugawa anwani, tukaipa jina na nywila sawa na ile ya juu, tukaichomeka pale sebuleni kwa waya unaotoka kwenye rauta ya juu, tundu la LAN kwa tundu la LAN. Vituo viwili vilivyounganishwa kwa waya ni bora kuliko kimoja chenye antena nane, katika nyumba ambayo kila ukuta unadai ushuru wake.

Wanaotumia rauta ya laini ya simu wana mtihani wa ziada, maana rauta hiyo lazima ione mnara nje na pia ione nyumba ndani. Ikiwekwa katikati ya nyumba ya mawe, waifai itakuwa nzuri na intaneti itakuwa haipo. Huanza kutafuta dirisha lenye mnara, mara nyingi la juu, mbali na mabati na matangi ya paani, halafu waya unashusha mtandao kwenda kwenye kituo cha pili ndani.

Kidaka sasa kina sinia lake, peke yake, limesuguliwa linang'aa. Rauta ya pili iko juu ya meza, ubavuni pa televisheni, nayo imefunikwa kitambaa, na mwenyewe nimekubali, mradi matundu ya joto yabaki wazi.

Juzi shangazi alinipigia. Familia imeongezeka, tangi moja halitoshi, na fundi bomba amependekeza la pili la lita 2,000 kwenye ile nafasi iliyo wazi uani, karibu na ngazi. Nilimwambia asubiri, nikaenda na binamu na ile ndoo nyekundu, na sasa sakafuni pa ua kuna mistari miwili ya chaki kutoka kona ya ngazi hadi dirisha la nyuma, na fundi bomba ameambiwa katikati yake hawezi kusimamisha hata pipa.